Elektroni ya Nne

Nilikuwa nimeshafeli mazoezi ya kufundisha mara moja, katika shule moja ya Kitale. Mara ya pili nilipelekwa Bungoma, shule ya wasichana. Siku hiyo, saa nne asubuhi, mhadhiri kutoka chuoni angekuja kukaa nyuma ya darasa langu la kemia la kidato cha nne. Nikifeli tena, ningerudia mwaka.

Saa moja nilikuwa maabarani na mwenzangu wa chuo, mtu wa fizikia, mzaliwa wa Kabuchai, huko huko Bungoma. Tulipasua betri kuukuu za tochi, tukatoa vile vijiti vyeusi vya grafiti. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Mimi ni mwanafunzi wako," alisema. "Mwalimu, kwa nini hiki kinapitisha umeme na almasi haipitishi?"

"Tabaka za grafiti zimeshikana kwa nguvu hafifu. Zinateleza, kwa hivyo..."

"Kuteleza kunafanya penseli iandike, bana. Umeme ni kitu kingine. Ati hivyo ndivyo uliwafundisha watu wa Kitale?"

Ndivyo nilivyowafundisha.

"Kaboni ina elektroni ngapi za nje?"

"Nne. Kwa almasi zote nne zimefungwa na majirani wanne. Kwa grafiti zimefungwa tatu."

"Na ya nne?"

"Inabaki."

"Haibaki tu. Ni ya tabaka nzima, inatembea humo ndani. Kuvuka kwenda tabaka ya pili ndiko kugumu. Haya, na silikoni? Imefunga zote nne kama almasi, lakini inapitisha umeme kidogo."

Alichukua chaki, akachora kanda mbili ubaoni, moja juu ya nyingine.

"Hizi ni kanda za nishati. Ya chini imejaa elektroni, hakuna pa kusonga. Ya juu ni tupu. Kwa almasi pengo la katikati ni pana mno, joto la chumba hiki halirushi elektroni huko juu. Kwa silikoni pengo ni jembamba, chache zinaruka. Kwa grafiti, ile ya nne imeleta kanda zinazoingiliana kidogo. Pengo hakuna."

Saa nne, darasani, balbu niliyoiunganisha na betri kupitia kijiti cha grafiti iliwaka, wasichana wakanong'ona. Nyuma, mhadhiri alifungua fomu yake. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Tabaka zinateleza, kwa hivyo umeme unapita." Kalamu ishirini zilikuwa zikiandika.

Ningeweza kuendelea.

"Kateni hiyo sentensi," nilisema. "Nimekosea." Kisha nikachora zile kanda, nikibonyeza hadi chaki ikavunjika.

Baada ya kipindi mhadhiri alinisubiri koridoni.

"Nusu ya walimu wanaifundisha sentensi ile," alisema. "Wasichana hawa hawangejua."

"Wangeiandika kwa mtihani, mwalimu."

Alitia sahihi, akanipa fomu. Alama hazikuwa za kujivunia, lakini nilikuwa nimepita.