Kiti cha Thelathini na Sita

Mwenye basi alitaka tukodi magari mawili. Nikabishana naye asubuhi nzima, tukakubaliana gari moja, viti thelathini na sita, safari mbili. Nilijiona mjanja.

Ulikuwa mkutano wa kanisa, Tarime, mwezi mmoja kabla mpaka na Kenya haujafungwa. Wajumbe walilala gesti za mjini; ukumbi ulikuwa misheni, maili sita nje. Mimi ndiye niliyepanga viti. Waliofika jioni, wa Ringwani, Nyansurura na Musoma, niliwapa safari ya saa mbili asubuhi. Waliotarajiwa asubuhi wakapata ya saa tatu na nusu. Kila jina na saa yake ya kufika, kila saa na namba yake ya kiti. Nilihesabu mara mbili.

Baba, katekista kwa miaka mingi, alikuwa anastaafu, na alipangiwa kuliaga kanisa pale ukumbini saa tatu. Alikuwa ameniambia jambo moja tu: "Dada yako anisikie."

Dada aliolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka. Barua yake ilisema angefika saa tatu, kwa hiyo nilimwandika safari ya pili, kiti cha tano; mikutano yetu huchelewa, nikadhani baba hataaga kabla ya saa nne. Ningechelewesha safari ya kwanza kwa ajili yake, watu wangesema kanisa ni la ukoo wetu.

Akafika saa mbili kasorobo. Alikuwa amepata lori Sirari, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nipandie wapi, mdogo wangu?"

"Safari ya pili, dada. Hili limejaa."

Akachungulia dirishani. "Na kile cha nyuma?"

"Kina mwenyewe. Mjumbe wa Nyansurura, amefika tangu jana."

Dereva akacheka. "Karani, hicho kiti kimekaliwa na hewa."

"Kimeandikwa."

"Wewe ni karani ama ni askari?" dada akauliza. Alikuwa bado anatabasamu. Tulimngoja mjumbe mpaka saa mbili na dakika tano, kisha nikamwambia dereva aondoe gari, kiti kikiwa wazi. Nilidhani tutamkuta njiani.

Tulimkuta ukumbini, ameshakunywa chai. Alikuwa amelala kwa shemeji yake, hatua chache kutoka misheni. Nani kwetu alale gesti wakati ana shemeji karibu? Nilijua hivyo tangu utoto. Nilihesabu vitanda, sikuuliza nani alivilalia.

Baba alisimama saa tatu kamili. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akanitazama mimi. Akaaga kwa maneno machache, nami nilikuwa nimeshatoka nje na orodha yangu.

Dada alifika na safari ya pili, kuaga kumekwisha, watu wakikunja viti vya mbele kupisha kikao. Alimshika baba mikono, akasema, "Shikamoo baba, nirudilie kidogo uliyosema." Baba akacheka: "Mwanangu, nimechoka. Utakuja tena, nitakuambia yote."

Mwezi uliofuata mpaka ukafungwa. Baba alifariki kabla haujafunguliwa.

Dada hakunilaumu hata siku moja. Alipokuja hatimaye, aliniuliza tu baba alisema nini. Nikamwambia sikusikia vizuri. Nilikuwa nje, nikihesabu majina ya safari ya pili.