Pindo la Mnyororo

Kwa nini baba yangu, aliyekuwa akigeuza kila nguo nje ndani kabla ya kumkabidhi mwenyewe, aliifunga suruali ile kwenye karatasi bila kuigeuza? Nilijiuliza swali hilo kwenye lori siku ileile, na nikaendelea kujiuliza kwa miaka mingi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Nilikuwa nimerudi Thika kutoka chuo kikuu kule Kampala, nina cheti ndani ya bahasha na barua ya kazi kutoka shule moja ya bweni juu huko milimani. Muhula ulikuwa unaanza baada ya wiki mbili. Kilichobaki ni pasi, yaani kibali cha kusafiri. Bila pasi sikuruhusiwa kutoka Thika kwenda popote, na karani wa ofisi ya wilaya aliniambia, bila kuinua macho, kwamba mtu wa kabila letu hapewi pasi ya mbali hivyo mpaka Mzungu anayeijua familia yake aweke sahihi kwenye fomu. Nilimuuliza kwa nini Mzungu. Akaniuliza kama nilitaka fomu au nilitaka mjadala. Nikachukua fomu.

Mzungu tuliyemjua alikuwa mmoja tu, msimamizi wa shamba la kahawa kule Ruiru. Baba alimshonea kaptura kwa miaka mingi. Safari hii alikuja na suruali ya jinzi kuukuu aliyoletewa kutoka Amerika, imechakaa magotini, pamoja na kitambaa kipya kizito cha bluu, kigumu kama turubai. Aliitupa suruali juu ya meza ya kukatia.

"Nataka moja kama hii. Hapana badilisha kitu. Ijumaa mimi napanda meli, kwenda likizo miezi sita."

Baba akampa habari ya fomu yangu. Mzungu akanitazama kuanzia viatu.

"Lete suruali Jumatano. Lete na huyu msichana. Suruali mzuri, mimi naweka sahihi."

Ndivyo kazi yangu, shule yangu na maisha yangu yote yalivyoning'inia kwenye suruali ya mtu mwingine.

Baba alifanya kazi barazani, mbele ya duka la nguo la Mhindi mmoja, pamoja na fundi wa pili aliyetoka Maragoli. Mimi nilikuwa nimekaa pale tangu nirudi, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilikata nyuzi na kupuliza makaa ya pasi ya kunyooshea nguo. Huyo fundi wa Maragoli aliniita Digirii.

"Digirii, lete makaa! Au Kampala walikufundisha makaa ya Kiingereza peke yake?"

"Walinifundisha kuuliza kwa nini wewe huendi kuyaleta."

"Mzee, mtoto wako huyu ataolewa na nani?"

"Na asiyesikia," baba akajibu, sindano mdomoni.

Mimi baba aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Alipenda kunikumbusha kwamba mtu hagombani na mama yake.

Tuliifumua mguu mmoja ile suruali kuukuu ili tuone ilivyoshonwa. Nilitarajia ujinga na nikakuta akili. Mshono wa makalioni na wa ndani ya mapaja haukuwa na ncha yoyote iliyoachwa wazi. Ukingo mmoja ulikuwa umepunguzwa, wa pili ukakunjwa juu yake ukaumeza, halafu vyote vikalazwa bapa na kupigwa mistari miwili ya uzi. Ndiyo maana haukufumka na haukumchuna mtu mapaja. Baba alishona mstari wa kwanza, akanipa mkasi nipunguze upande mmoja, akakunja, akalaza, akashona tena. Palipokutana mishono minne, chini ya makalio, kitambaa kilikuwa kimepandana kiasi kwamba sindano mbili zilikatika. Baba akachukua nyundo, akaweka mahali pale juu ya chuma na kupagonga mpaka pakalala. Sindano ya tatu, nene kuliko zile, aliipitisha kwa kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, pole pole.

"Kwa nini usingepagonga tangu mwanzo?" nikauliza.

"Kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa nakujibu wewe maswali."

Vitanzi vya mkanda vilikuwa vitano. Alivikata kutoka utepe mmoja mrefu uliokunjwa na kushonwa mistari miwili, akavibana juu na chini kwa kurudisha cherehani mbele na nyuma hadi uzi ukawa kama kidonda kilichopona. Kisha ribiti, vile vipini vifupi vya kubana pembe za mifuko. Msimamizi alikuwa ametuletea za shaba kutoka karakana ya shamba, zile za kuungia mikanda ya mitambo. Kwenye kila pembe ya mfuko tulitoboa kwa msumari uliochongoka, tukaingiza mguu wa ribiti, tukavisha kipete chake upande wa pili, tukapunguza kilichozidi na kugonga ncha mpaka ikafura na kubana. Hiyo kazi nilipewa mimi. Niliifurahia kuliko nilivyokiri. Ribiti haihitaji kuaminiwa. Ukishaigonga, imekaa.

Likabaki pindo.

Pindo la ile suruali ya Amerika lilionekana la kawaida kwa nje, mstari mmoja wa uzi. Ukiligeuza, ndani unakuta mnyororo, kila pete imepita ndani ya mwenzake. Cherehani ya baba haikuweza hivyo, kwa kuwa ilifunga nyuzi mbili, wa juu na wa chini unaotoka kwenye kigurudumu cha bobini. Lakini nyuma ya duka Mhindi alikuwa na mashine kongwe ya kushonea magunia, yenye uzi mmoja na ndoana chini, bila bobini. Baba aliisafisha kwa mafuta ya taa, akafupisha hatua za sindano yake, akakunja pindo mara mbili na kushona mguu wa kwanza. Mnyororo ukatoka, mzuri hasa.

Nilishika ncha ya uzi mahali alipomalizia, nikavuta. Pindo lote likafunguka, trrrr, likabaki matundu matupu.

Fundi wa Maragoli akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani yake. "Digirii ameshona kinyume!"

"Huu ni mshono gani?" nikasema. "Uzi mmoja ukishikwa vibaya, kila kitu kinakwenda."

"Sikuwa nimeufunga," baba akasema. Akashona upya, akapitisha ncha ndani ya pete ya mwisho, akaikaza. "Vuta sasa."

Nikavuta. Haukufunguka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona ulivyofunguka.

"Na ukikatika katikati?"

"Maitu, mwenye suruali amesema tusibadilishe."

"Alisema pia kwa nini?"

"Hakusema."

"Basi hajui."

Baba akashona mguu wa pili na kuifunga ncha yake.

Jumatano, kabla ya lori la shamba kutupitia, baba alikwenda ofisini kugongewa muhuri wa ruhusa yetu ya siku moja kwenda Ruiru. Fundi wa Maragoli alikuwa amekwenda kula. Nilibaki peke yangu na ile suruali, na niliona kitu kimoja tu: uzi mmoja umeshikilia maisha yangu, na ncha yake iko wazi kwa yeyote atakayeivuta. Nilifumua mapindo yote mawili. Nikayashona kwa cherehani ya baba, nyuzi mbili, hatua fupi, nikirudia mwanzo na mwisho. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Nikaikunja suruali na kwenda mtaa wa pili kurudisha vikombe vya chai. Nilipofika nilimkuta baba amerudi, ameketi, suruali iko mbele yake juu ya karatasi ya kaki. Alikuwa anakata kamba.

"Huigeuzi?" nikauliza.

"Lori limefika," akasema. Akafunga fundo.

Msimamizi alitupokea kwenye ukumbi wa nyumba yake, fomu yangu iko mezani na kalamu juu yake. Alitazama mishono, akapitisha kidole juu ya ribiti, akavuta vitanzi kimoja kimoja. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana." Akaingia ndani kuivaa. Alikuwa mtu wa kuvaa buti asubuhi na kuzivua usiku, na suruali aliipitisha juu ya buti. Tulimsikia akipiga mguu sakafuni, kisigino kimekwama kwenye pindo, akivuta. Halafu tukasikia uzi ukikatika, ta-ta-ta-ta.

Alitoka amevaa mguu mmoja, wa pili ameushika mkononi. Aligeuza pindo, akatafuta mnyororo.

"Hii hapana mnyororo."

Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Ni mimi, bwana. Nilifikiri huu una nguvu zaidi."

"Wewe nafikiri." Akachukua fomu, akaikunja mara mbili na kumrudishia baba badala ya kunipa mimi. "Mimi nasema hapana badilisha, wewe nabadilisha. Sasa naweka jina yangu kwa watu kama hii? Ijumaa mimi nakwenda."

Kwa nini uzi ulikatika nilielewa njiani, nyuma ya lori, magoti yakinigonga kwenye pipa. Mshono wa nyuzi mbili hauna nafasi. Kitambaa kikivutwa, uzi hauna pa kwenda, unakatika. Mnyororo una pete, na pete zinanyooka. Niliuita dhaifu kwa sababu ulikubali kufunguliwa.

Nilimwambia baba palepale kwamba ni mimi niliyefumua. Alisema, "Najua ni wewe. Mimi sishoni hatua fupi hivyo." Nikachukulia kwamba alikuwa ameliona pindo kulekule kwa msimamizi, kama alivyoona msimamizi mwenyewe.

Muhula ukaanza bila mimi, kisha mwingine. Tulipata kazi ya mahema, na nilishona mahema pale barazani mwaka mzima na zaidi, kwa ile mashine ya magunia, mnyororo baada ya mnyororo. Nikifika mwisho napitisha ncha ndani ya pete na kukaza. Barabara ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Fundi wa Maragoli aliacha kuniita Digirii, na hilo liliniuma kuliko alipokuwa akiniita. Kila siku nilijiambia kwamba mlango ulikuwa wazi na mimi ndiye niliyeufunga, kwa mkono wangu, kwa sababu siwezi kuambiwa kitu nikakiacha.

Baba alikufa nikiwa nimeshakuwa mwalimu mahali pengine, miaka mingi baada ya pasi kufutwa. Tulipokuwa tukigawa vitu vyake, mama alichukua ile nyundo, akaipima mkononi, akaniambia kitu alichokuwa amekatazwa kuniambia. Jumapili ile, kabla ya safari ya Ruiru, watu waliotoka milimani walikuwa wamemwambia baba kanisani kwamba mwalimu niliyekuwa naenda kushika nafasi yake alitolewa nyumbani kwake na hakuonekana tena. Baba hakujua namna ya kunizuia, kwa maana nilikuwa na jibu la kila neno. Jumatano alirudi kutoka ofisini mapema, mimi nikiwa nimepeleka vikombe. Aliigeuza suruali kama kawaida yake, akaliona pindo langu, akakumbuka msimamizi alivyosema tusibadilishe kitu, akaligeuza tena, akakunja.