Tangazo la Kuvunja Savonnerie Nuru

Hamimu wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, alikuwa mtu wa sabuni. Hata kanzu yake ya Ijumaa ilinukia mawese, na watoto wake walizoea kutaniwa kwamba nyumbani kwao jasho linatoa povu. Kiwanda chake kilikuwa banda moja la mabati lenye mapipa mawili ya kuchemshia na meza ya kukatia miche. Kwenye karatasi, hata hivyo, lilikuwa kampuni kamili, Savonnerie Nuru, SPRL, ya dhima yenye kikomo, yenye muhuri wa duara na washirika wawili, kila mmoja nusu ya hisa. Mshirika wa kwanza alikuwa yeye Hamimu, aliyekuwa pia meneja. Wa pili alikuwa Gélase, fundi wa kuchemsha, mtu wa mtaa wa Mutakura, Mkristo mcheshi aliyejua sabuni imeiva kwa kuigusa kwa ncha ya ulimi.

Gélase alitoweka mwaka 1995, siku zile Mutakura ilipomwagwa watu wake kama maji ya kufulia. Alionekana akipandishwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine. Lori lilikwenda lilikokwenda. Hakuna aliyerudi, na hakuna aliyeona maiti.

Hamimu aliendelea peke yake mpaka 1998. Usiniulize aliwezaje. Magadi soda yalikuwa hayaingii kwa sababu ya vikwazo, na mawese ya Rumonge yalikuja siku ambazo barabara haikushambuliwa, yaani mara chache. Alikopa mafuta kwa Khaled, mfanyabiashara wa mjini, akichemsha, akiuza kwa hasara, akikopa tena. Mwisho ukawa ule ule tunaoujua wewe na mimi.

Basi akapanda kwa Maître Herménégilde, wakili, mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na soko kuu. Wakili alisoma makaratasi huku akisugua paji la uso.

"Mzee Hamimu, kampuni yako imekufa zamani, ni weye tu unaitembeza," akasema. "Deni zinapita mali yote. Ukinunua tena pipa moja ya mafuta kwa mkopo na unajua hutaweza kulipa, juge wa mahakama atasema ni kosa ya meneja. Hapo hawatakamata mapipa tu. Watakuja kwa nyumba yako."

Hamimu alikauka. Nyumba ile ya Bwiza ilijengwa na baba yake, na sasa walilala humo mke, watoto, mama mzee kipofu na dada wawili waliokimbia vita. Mtu anaweza kupoteza biashara akabaki mtu. Lakini kuwatoa nje watu wale wote, katika mji ambao nje yenyewe ilikuwa inaua!

"Nifanye nini, Maître?"

"Muvunje kampuni wenyewe, kabla mahakama haijaivunja kwa faillite, ile ya kufilisishwa kwa nguvu. Muitishe mkutano mkuu usio wa kawaida. Mupitishe azimio kwamba kampuni haiwezi tena kulipa, inavunjwa, kazi ya meneja imeisha, na mfilisi anateuliwa. Mfilisi atauza vitu, atalipa kwanza wafanyakazi na wale sheria inawatanguliza, kisha wengine watagawana kinachobaki. Ninyi washirika hamupati kitu, lakini nyumba yako inabaki yako."

"Alhamdulilahi. Lete kalamu."

"Apana. Statuti yenu, ile katiba ya kampuni, inasema kuvunja kampuni kunataka robo tatu ya hisa. We uko na nusu."

Ile nusu nyingine ilikuwa juu ya lori.

Khaled, kwa upande wake, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kuwa mtu mzuri. Alikubali kungoja iwapo ataona kampuni inaelekea kwa mfilisi. La sivyo angekwenda mwenyewe mahakama ya biashara kuomba faillite, na huko madaftari yangefunuliwa, na kila pipa lililokopwa mwaka huu lingeulizwa.

Wakili akaandaa barua ya wito, yenye mahali, siku na ajenda, ikapelekwa kwa posta ya rejesta kwenye anwani ya mwisho ya Gélase. Ilirudi, kwa kuwa anwani yenyewe ilikuwa majivu. "Inatosha," akasema wakili. "Tumemuita kisheria."

Lakini Hamimu haikumtosha. Alikuwa na moyo wa kizamani, moyo unaoona aibu kumzika mwenzake kwa bahasha. Bila kumuuliza wakili, akashuka redioni na kulipia tangazo. Pale Bujumbura redio ndiyo iliyotuambia nani amefariki, nani amepotea, nani anangojwa na ndugu zake kwenye stendi. Saa ya matangazo kila mtu alinyamaza. Na mchana huo sauti ikasoma, kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili: Bwana Gélase, mshirika wa Savonnerie Nuru, anaalikwa kwenye mkutano mkuu usio wa kawaida, kiwandani, Jumamosi asubuhi, ajenda, kuvunjwa kwa kampuni kabla ya wakati wake na kuteuliwa kwa mfilisi.

Hamimu alidhani ametimiza adabu. Masikini, hakufikiri kwamba redio haiwaiti wafu.

Jumamosi, kabla wakili hajafungua mkoba, Béatrice aliingia. Huyu ndiye mke wa Gélase, aliyehamia Gasenyi na watoto, akiuza dagaa. Amesuka nywele. Amevaa kitenge cha harusi. Nyuma yake walikuja majirani wawili wenye nyuso za furaha.

"Baba Hayat," akamwambia Hamimu, akipumua kwa haraka, "alifika saa ngapi? Yuko ndani?"

"Nani, Mama Orpha?"

"We unauliza nani? Redio yote ilimuita! Kama mulimuita, ni kwamba mutu alimuona. Watu wa Gasenyi wananipongeza toka juzi. Wanasema labda alikuwa Uvira, labda Kigoma mu kambi."

Wakili alimkazia Hamimu macho ya kumchoma, kisha akamweleza mwanamke yule polepole kwamba ule ni wito tu, sheria inataka mshirika aitwe, hata asiyejulikana aliko. Béatrice alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa juu ya kreti ya miche na kusema atangoja, kwa sababu mkutano haujaanza, na bwana wake hakuwa mtu wa kuwahi.

Wakangoja. Wote, hata wakili. Jua lilipanda likayachoma mabati, banda likanuka mafuta yaliyochacha, na kila viatu vilipopita barabarani Béatrice alinyanyua shingo. Hamimu alitamani ardhi ipasuke. Hatimaye wakili aliandika kwamba mshirika mmoja amefika, mwingine hakufika wala hakuwakilishwa, hisa hazikutimia, na azimio haliwezi kupita.

"Mi nitasaini mu nafasi yake," akasema Béatrice. "Mi bibi yake wa kanisa."

"Mama, bibi hasaini hisa ya bwana wakati kisheria bwana yuko hai."

"Basi munipe ruhusa ya kulinda mali yake mpaka arudi."

"Hiyo tribunali inaweza kukupa," wakili akajibu, akihema. "Lakini kuvunja kampuni si kulinda. Watakukatalia, ao itachukua wakati, na Khaled hatangoja. Kuna njia moja tu ya haraka. Mutu aliyepotea mu hatari kama ile, juge anaweza kuamua amekufa, hata bila maiti. Hapo we na watoto munakuwa warithi, na warithi wanasaini. Lakini lazima mutu wa familia aombe."

Béatrice alielewa. Aligeuka akamtazama Hamimu, na Hamimu, mtu mzima mwenye mvi, akatazama chini. Angeweza kusema: acha, Mama Orpha, tutajua la kufanya. Alilifikiria neno hilo. Lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akamwona mama yake kipofu akipapasa ukuta wa nyumba isiyo yake tena, na neno likarudi lilikotoka.

"Mama yako angali mzima?" akauliza Béatrice.

"Yuko. Haoni, lakini yuko."

"Mi sikukalia matanga, Baba Hayat. Padri aliniomba, wakwe waliniomba, nilikataa. Kila jioni naacha chakula yake." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Haya. Tuende kwa huyo juge."

Ilichukua wiki kadhaa. Mashahidi wawili walisema waliliona lori. Hakimu alihitaji tarehe ya kifo, na kwa kuwa hakuna aliyeijua, akaandika siku ya lori. Béatrice alitoka na nakala ya hukumu yenye muhuri.

Mkutano wa pili haukumaliza hata chai. Hisa zote zilikuwepo. Maazimio yalisomwa moja moja: kampuni imeshindwa na madeni yake, inavunjwa, meneja anaondolewa kazini, Maître Herménégilde anateuliwa mfilisi, wadai wapeleke madai yao ofisini kwake. Hamimu alisaini. Béatrice alisaini pia, chini ya maneno *warithi wa marehemu*, akiibana kalamu kama mtu anayekata kuku. Hati ikaenda kwa noteri, mthibitishaji wa hati, kisha mahakama ya biashara, kisha gazeti la serikali. Kuanzia siku hiyo kila karatasi ya Savonnerie Nuru ililazimika kuandikwa *inafilisiwa*. Khaled aliridhika, akapeleka dai lake na kungoja fungu lake pamoja na wengine. Nyumba ya Bwiza ilipona.

Hapo Hamimu angepaswa kulala usingizi. Lakini gazeti la serikali hutoka linapojisikia, na wadai wengine walikuwa wauza mawese wa Rumonge wasiojua hata kusoma. Mfilisi, kama sheria na akili zinavyotaka, akahakikisha wote wamepata habari. Alipeleka tangazo redioni.

Hamimu alilisikia akiwa kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu. Savonnerie Nuru, kampuni inayofilisiwa, ya Bwana Hamimu na warithi wa marehemu Gélase, inawaarifu wadai wake wote. Alichomoka vile vile na shuka la kinyozi shingoni, akadandia teksi hadi Gasenyi.

Alichelewa. Mabenchi yalikwisha kutolewa uani. Wanawake waliingia na vyungu, wanaume walivua kofia, na wale majirani wawili walioshangilia siku ile ndio waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote. Béatrice alikaa mkekani katikati yao, kichwa kimefungwa kitambaa. Mzee mmoja alimuuliza alikufa siku gani. Béatrice akataja tarehe ya hakimu, taratibu, kama mtoto anayesoma ubao. Mzee akauliza amelazwa wapi. Hapo hakimu hakuwa ameandika kitu.

Hamimu alipiga magoti mbele yake, povu limemkaukia mashavuni, akaanza kuomba radhi bila mpango, akilia waziwazi mbele ya watu. Béatrice alimwacha amalize. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Apana, Baba Hayat, we ulikuwa na watu wa kulinda," akasema. "Lakini mi nilikuwa namungojea. Sasa jioni, nitangojea nani?"