Akiba Haiozi, Ila Hugeuka Kokoto

Siku hizi nikisikia mtu analalamika kwamba maharage yake yamekataa kuiva, huwa namuuliza swali moja kwanza: ulikuwa umeyaweka wapi? Watu hukimbilia kulaumu kuni, chungu, hata kijicho cha jirani. Mimi ndoa yangu ilitaka kuvunjika kwa chungu kimoja cha maharage, kwa hiyo najua pa kuanzia.

Niliolewa enzi za Mdachi, wakati reli imeshafika Morogoro na inasukumwa kwenda bara. Mimi ni mtu wa mlimani, Uluguru, huko juu ambako ukungu wa asubuhi huingia ndani bila kupiga hodi. Mume wangu alikuwa mtu wa mjini, hapo Morogoro chini ya mlima. Alibeba mataruma ya reli, na kadiri reli ilivyosonga mbele ndivyo naye alivyozidi kuwa mbali. Kusema kweli niliolewa na mama yake. Ndiye niliyeamka naye na kulala naye nyumba moja, na ndiye aliyenifundisha kupika kwa nazi, maana sisi mlimani nazi tulikuwa tunaisikia tu.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke msafi, mwenye maneno machache na mkono mgumu wa kuweka. Hakutupa kitu. Kamba iliyokatika aliiunga, chumvi aliifunga katika vifundo vidogo vidogo, na ukimwuliza anakujibu, "Akiba haiozi, mwali." Nilimcheka moyoni. Leo natamani kumsikia akinijibu hivyo hata mara moja.

Nilipoletwa kwake, mama yangu mzazi alinifungasha kikapu cha maharage ya shambani kwake, mapya, mekundu ya kung'aa. Wiki ile ya arusi mama mkwe alichota kidogo akapika. Yaliiva mapema, yakawa laini mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe. Akayasifu mbele za watu, nami nikavimba kichwa. Kisha akakifunika kikapu kwa kawa, akakipandisha darini, juu ya mafiga, akasema, "Haya ni ya mkwe wangu, mama yako. Hayaliwi ovyo. Siku atakayoshuka kunitembelea, tutampikia yake mwenyewe, ajue tulimheshimu."

Kikakaa huko. Likaja joto la mjini, ambalo sisi watu wa juu tuliliona kama adhabu, ikaja masika, kila kitu kikawa chepechepe. Chini yake vyungu vikichemka kutwa, mvuke ukipanda. Sisi tulikula kunde na mchicha, na nikitupa jicho juu nilikiona kikapu cha mama yangu kimetulia, nami nikafarijika. Nilikuwa na hamu ya nyumbani isiyo na kifani. Nilimpenda mume wangu, sikatai, lakini mume hanukii moshi wa jikoni kwa mama.

Nikajifungua mtoto wa kike. Arobaini ilipotimia, mama akashuka mlimani, pamoja na kaka yake, mjomba wangu.

Hapa yafaa nieleze jambo moja kwa asiyetujua. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito. Mjomba akiona mpwa wake hatunzwi, humwambia afunge mzigo, na mtoto naye huenda. Mama mkwe alilijua hilo vizuri sana. Mjukuu yule alikuwa wake wa kwanza, na kila akimbeba nilimwona anavyomshika, kama mtu aliyeazimwa kitu. Ndiyo maana siku ile alitaka kila jambo liwe sawa.

Maharage aliyateremsha jioni ya kutangulia, akayaloweka. Asubuhi yalikuwa yamekunywa maji, yamenenepa vizuri. Tukayabandika. Wageni wakaingia, shikamoo zikaitikiwa, mtoto akazungushwa mapajani. Mama akamfunua vidole vya miguu, akacheka, akasema ni vya bibi yake mzaa mama. Kikapu kipya alichokuja nacho, cha maharage ya msimu ule, akakiweka pembeni.

Jua likapanda. Nikayaonja maharage, magumu. Tukachochea moto. Jua likasimama utosini, nikaonja tena, magumu vilevile. Ganda lilikuwa linapasuka, umbo limevimba, lakini ukiuma ni kokoto. Mama mkwe akaongeza maji ya kisimani, akaongeza kuni, na kwa kuhangaika akatia na vipande vya embe bichi ili walau mchuzi uwe na ladha. Hapo ndipo alipoyamaliza kabisa, maana maharage yakionja uchachu kabla hayajalainika, ndiyo kwanza hukaza. Hilo nililijua baadaye.

Alasiri ikafika. Mgeni haachwi na njaa, akapakua hivyohivyo.

Mama akatia moja mdomoni. Akatafuna. Akalitoa, akaliweka mkononi akalitazama.

"Mkwe," akasema taratibu, "hiki ndicho anacholishwa mzazi hapa?"

Mama mkwe akapigwa na aibu, na aibu yake ikageuka hasira. "Ni maharage yako hayo, mkwe wangu. Wewe ndiye uliyetuletea mawe."

"Yangu? Yangu ni mekundu. Haya yamefifia, yana rangi ya kutu. Umenibadilishia, kisha unanitukana?"

Mjomba hakuwa mtu wa kelele. Alinawa mkono, akasimama, akaniambia, "Mwanangu, mfunge mtoto mgongoni. Tutafika kabla kiza hakijaingia sana."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amemshika mtoto, amembana kifuani. Nikajua kwamba nikiinuka tu, yule mama hatamwona tena mjukuu wake ila kwa kuomba. Mume wangu angerudi kutoka relini akakuta nyumba tupu, eti kwa sababu ya maharage! Hasira zikanipanda. Mimi nina hasira za karibu, na siku ile zilinifaa.

"Mjomba, shikamoo," nikasema, ingawa nilishamwamkia. "Siendi popote mpaka nipike."

Nikachukua vyungu viwili vidogo. Kimoja nikatia maharage ya zamani yaliyobaki, yaliyolowekwa lakini hayajakutana na embe. Kingine nikatia ya kikapu kipya, makavu vilevile, hata kulowekwa hayajalowekwa. Maji ya kisima kilekile, moto uleule. Tukakaa wote jikoni, mjomba amesimama mlangoni kama askari wa bomani. Mapya yakaanza kulainika, ingawa kwa kusuasua. Ya zamani, wapi!

"Si unaona?" mama mkwe akasema. "Mwaka huu ameleta mazuri. Mwaka ule alileta mabovu."

"Mama," nikamwambia, "wiki ya arusi tulipika kikapu hikihiki cha zamani. Yaliiva mapema. Uliyasifu mbele za watu."

Alikuwa mkweli, hakuweza kukana. Maharage ni yaleyale. Kilichobadilika si mbegu wala shamba.

Mama akauliza, "Mlikuwa mmeyaweka wapi?"

Nikamwonyesha darini. Akapanda juu ya kinu, akanyoosha mkono, akapapasa mahali kikapu kilipokuwa. Akashuka anajifuta kiganja. "Pana joto kama kwapani. Na unyevu. Mkwe, sisi juu tunayaweka penye baridi, pakavu, na hata hivyo hatuyaachi yakae sana. Haragwe likikaa kwenye joto na unyevu muda mrefu halijioneshi. Halina funza, halina ukungu. Linafifia rangi tu, na ndani linajifunga. Maji litakunywa, lakini halitaachia." Kisha akaonja maji ya mtungini, akakunja uso. "Na haya maji yenu yana chumvichumvi. Tazama chungu chako kilivyoota ukoko mweupe. Haragwe zuri linayavumilia. Lililochoka haliyawezi. Lakini niambie, kwa nini hukuyala siku zote hizo? Yalikuwa mabaya?"

Mama mkwe akakifunika chungu. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Yalikuwa mazuri mno. Nilikuwa nakuwekea wewe."

Mama akamtazama. Akayatazama yale maharage. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami sikujua mara moja kama bado anacheka. "Kumbe uliniweka juu," akasema. "Mkwe wangu, uliniweka juu mno!"

Hata mjomba alitabasamu, akaketi.

Nikashika mtungi nikaenda mtoni kuteka, maji ya mto yanayoshuka mlimani kwetu, yale ambayo sabuni ikiguswa tu inatoa povu. Mama mkwe akaleta magadi. Magadi alikuwa nayo siku zote, lakini aliona kumtilia mgeni ni kama kumwambia chakula chake hakijiwezi, na tena yanaharibu ladha. Tukayamwaga maji ya kisimani katika chungu cha maharage ya zamani, tukatia ya mto na kijidonge cha magadi. Mchuzi ukawa mweusi mweusi, ladha ikapungua kweli, lakini kiza kilipokwisha kuingia yale mawe yaliachia. Tukala sote sinia moja. Yalikuwa maharage mabaya kuliko yote niliyopata kula, na hakuna niliyoyafurahia kuliko hayo. Kesho yake mjomba na mama wakapanda mlima wao, mimi nikabaki na mtoto wangu. Nilisimama njiani nikawatazama mpaka walipopotea kwenye migomba, moyo wangu nusu unawafuata.

Tangu hapo mama akawa anatuletea maharage kila msimu, na mama mkwe hakuyaweka tena. Alikuwa anapokea kwa mkono mmoja, kwa mwingine anabandika chungu.

Baadaye mama akaugua. Habari ya kifo chake ilitufikia asubuhi, imeletwa na mpagazi wa misheni, na pamoja nayo kikapu. Alikuwa amekifungasha mwenyewe kabla hajazidiwa, maharage mekundu ya kung'aa. Nilipanda mlimani nikamzika mama, nikarudi, nikakikuta kikapu mahali nilipokiacha. Nikakikumbatia. Nikamwambia mama mkwe kwamba hiki hakiguswi. Hiki nitakiweka, nipate kumwona mama yangu kila siku nikiinua macho.

Yeye, aliyekuwa haachi hata uzi upotee, akakitoa mkononi mwangu polepole, akinifungua kidole kimoja baada ya kingine.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mama yako amekuletea chakula. Usimgeuze jiwe."

Akachochea moto. Yaliiva upesi. Nilikula huku nalia, na yalikuwa laini, matamu, kama ya kwetu.