Safu ya Madirisha Iliyomezwa

Wapangaji wa lile jengo la ghorofa tisa walikuwa wakisikia ukuta ukilia, na mhandisi alitaka kuukagua wote bila kujenga jukwaa. Ndipo akaitwa Mama Lenzi, mpiga picha ambaye jina lake halisi hata majirani walishalisahau. Mdogo wake aliishi mle mle, ghorofa ya nne, na watoto watatu.

Picha moja ya ukuta mzima isingeonyesha ufa mwembamba kama unywele. Kwa hiyo alipanda paa la jengo la mtaa wa pili, akafunga lenzi ya kuvuta mbali kwenye tripodi, akapiga kipande kwa kipande, mstari kwa mstari, picha mia mbili na arobaini, kila moja ikipanda juu ya theluthi ya picha jirani. Kipimo cha mwanga kwenye kamera hakukibadilisha hata mara moja. Kompyuta ikatafuta alama zinazofanana pale picha zilipopandana, ikazishona kuwa picha moja kubwa ajabu. Ukiivuta karibu, unaona hata kutu ya msumari.

Kesho yake mhandisi aliikagua asubuhi nzima ofisini kwake, mkabala na jengo, Mama Lenzi akiwa kando yake. "Safi, mama. Plasta tu imechoka. Mchana nasaini, watu wakae kwa amani."

Moyo kwatu, Mama Lenzi akampigia mdogo wake kumwambia jengo ni zima.

"Kwangu umekuona?" mdogo wake akacheka. "Dirishani nimetundika shuka jekundu."

"Umelitundika leo?"

"Tangu juzi, dada! Uvivu wangu si unaujua?"

Mama Lenzi akaivuta karibu ghorofa ya nne pichani. Akaenda kushoto, akarudi kulia. Shuka hakuna.

Akahesabu madirisha ya ghorofa hiyo pichani: kumi na moja. Akachungulia nje, akahesabu ya jengo lenyewe: kumi na mawili.

Madirisha yale yalifanana kama mapacha. Kompyuta ilidhani dirisha moja ni jirani yake, ikalaza picha juu ya picha, na safu nzima ikamezwa, toka juu hadi chini, bila kuacha kovu la mshono. Naye hakuhesabu! Akafungua picha zenyewe, moja moja, kabla hazijashonwa. Ya mia moja na saba: shuka jekundu. Kando yake, ufa. Akafungua ya juu yake, ya chini yake. Ufa ulipita ghorofa nne.

"Mhandisi, usisaini!"

Mhandisi akainama kwenye skrini. Akaufuata ufa kwa kidole. Kisha: "Watoe watu. Wote. Sasa."

"Toka!" Mama Lenzi alikuwa akipiga kelele kwenye simu huku anakimbia. "Chukua watoto!"

"Nina sufuria motoni..."

"Zima, toka! Usifunge hata mlango!"

Akasimama ng'ambo ya barabara, macho kwenye mlango wa ngazi. Watu wakamiminika: mzee na redio yake, mwanamke na povu kichwani. Si yeye. Si yeye. Kila sura ngeni ilimchoma kama mwiba.

Hatimaye wakatokea. Mmoja, wawili, watatu, na mama yao nyuma, miguu mitupu, amevimba kwa hasira.

"Wewe! Si ndiwe uliyelipiga picha hilo jengo, ukasema ni zima?"

"Ndimi."

Mama Lenzi akaketi hapo hapo kwenye vumbi, akakamata mguu wa yule mtoto mdogo, akashindwa kuuachia.