Gemu Ipite Kwanza

Kila Jumapili baada ya chakula, Murtaza hufunga duka lake la vitambaa pale Usagara na kupanda juu kucheza gemu ya mpira na binti yake Inara, aliyeolewa Mombasa. Hucheza huku wakiongea, na maongezi yao ya wiki nzima ndiyo hayo.

Balaa ilikuwa nyumba yenyewe. Shemeji yake Khatijabai, anayeishi naye, akiwasha tamthilia, na wana wa Khatijabai nao wakishusha mafilamu, wachezaji wa Murtaza waliganda uwanjani. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, akaipa mashine ya gemu kipaumbele. Wapi! Kasi ya intaneti alikuwa ameiandika ile ya kwenye tangazo la kampuni, ambayo nyumba ile haijawahi kuiona. Akapima kasi ya kweli, ya kupokea na ya kutuma, akaandika iliyo pungufu kidogo ya hiyo. Hapo ndipo ruta ikaweza kupanga foleni: gemu ikapita kwanza, tamthilia ikasubiri.

Jumapili hii alikaa na padi ya gemu mkononi mpaka adhana ya alasiri. Jina la Inara halikutokea. Ukaja ujumbe tu: "Baba, mume wangu ana wageni. Labda wiki ijayo." Wiki iliyopita pia sababu ilikuwa wageni.

Khatijabai akapaza sauti kutoka sebuleni, kafurahi kwelikweli. "Shemeji, leo intaneti inakimbia! Umeifanyaje?"

Kipaumbele kilikuwa pale pale. Kisipotumika, ruta huwagawia wengine nafasi hiyo.

"Sijaigusa," Murtaza akajibu, padi bado mkononi.