Bawasiri ya Bwana Mizani

Kwenye barabara ile ya malori kila mtu alimwita Bwana Mizani, hata mkewe siku akiwa na furaha. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha vioo, kusubiri lori lipande kwenye mizani, kusoma uzito, kumpa dereva karatasi yake na kumwashia taa ya kijani. Kazi nyepesi, utasema. Haya, jaribu wewe. Lori likishapanda huwezi kuinuka, na likishuka jingine limeshapanda, na dereva wa lori hana subira hata ya kumeza mate. Ukichelewa kidogo honi zinalia mpaka meno yanauma. Choo chenyewe kiko ng'ambo ya uwanja. Kwa hiyo mwenzetu alibuni ujanja wake: hanywi maji kazini. Kikombe cha chai asubuhi na mkate mkavu, mpaka jioni. Haja ikimbana, naye anaibana. Aliona fahari juu ya hilo, akiwacheka vijana wanaotembea na chupa za maji kama watoto wachanga.

Siku alipoona damu chooni, nyekundu ya kung'aa, hakumwambia mtu. Alijua inatoka wapi na alijua inakwenda wapi. Baba yake alivuja damu hivyohivyo, ukoo mzima ukasema ni bawasiri, akapikiwa majani, akakatazwa kukaa kwenye saruji, na mwisho bawasiri ile ikageuka saratani, akazikwa. Ndivyo ilivyosimuliwa kwao, na kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa msimulizi hodari. "Ya baba ilianza na tone," kaka alipenda kusema, "na sisi tumerithi." Basi Bwana Mizani alipima uzito wa watu wengine mchana kutwa huku kichwani akijichimbia kaburi. Kwenda hospitali hakutaka. Angeenda kufanya nini, kusomewa hukumu anayoijua?

Mkewe aligundua kwenye nguo za kufua.

"Mume wangu, hii damu?"

"Nimejikwaruza."

"Umejikwaruza wapi, huko? Paka kakuparura?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ni kile kiti. Kiti cha chuma, kibanda baridi kama kisima. Nilikwambia baridi inapanda."

Akamshonea mto wa sufu, mnene, mwekundu. Bwana Mizani akaukalia wiki nzima, akasikia joto zuri, na damu ikaendelea kama kawaida. Sasa akawa na uvimbe pia, mdogo, laini, unaotoka akienda haja na kurudi wenyewe. Akawa anakaa chooni muda mrefu na simu mkononi, akijikamua. Ukweli ni kwamba choo ndiyo sehemu pekee duniani ambako hakuna aliyempigia honi.

Ule mto ndio uliomchongea. Kiti cha kibandani kilikuwa kimoja na zamu zilikuwa mbili, na zamu ya pili ilikuwa ya mtu aliyeitwa Domo, jina ambalo halihitaji maelezo. Domo aliutazama mto, akamtazama mwenzake anavyokaa upandeupande, akajumlisha.

"Bwana Mizani, hiyo si bawasiri?"

"Hata kama ni hiyo, inakuhusu nini?"

"Inanihusu makalio yangu! Tunakaa kiti kimoja. Ukiinuka wewe kikiwa bado na joto, nikikaa mimi, umeniachia."

Kesho yake Domo akaja na stuli yake mwenyewe, na mnyororo wa kuifungia. Kiti cha chuma akakimwagia dawa ya kusafishia sakafu. Lisemwalo huwa na miguu: madereva wakaanza kupokea karatasi kwa ncha za vidole, na mmoja akaomba aletewe kalamu nyingine. Bwana Mizani akabaki ndani ya vioo vyake, anaonekana pande zote, hana pa kugeuza uso. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwishowe msimamizi wao, mama mmoja wa maneno machache, akamwita pembeni.

"Sitaki ugomvi wa viti. Nenda kwa daktari. Akisema huambukizi, urudi. Usipokwenda, usije."

Basi hakwenda kwa sababu ya uhai wake. Alikwenda kwa sababu ya kiti.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, jambo lililomwongezea jasho. Akamlaza ubavu, akampima kwa kidole chenye glavu, akaangalia kwa kimrija kifupi chenye taa. Bwana Mizani aliukazia macho ukuta, akisubiri hukumu.

"Vaa, baba. Ni bawasiri. Ni mishipa ya damu iliyovimba."

"Nimemwambukiza nani?"

"Humwambukizi mtu. Mishipa yako ni yako. Haihami kwa kiti, wala kwa choo."

"Na baridi?"

"Kiti cha baridi ni kiti cha baridi tu. Niambie, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Akamweleza ujanja wake, kwa fahari kidogo, kwa mazoea. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hapo ndipo penyewe. Choo kinakuwa kigumu, unajikamua, unakaa muda mrefu, mishipa inavimba. Kunywa maji, kula mboga na matunda, haja ikija nenda. Waache wapige honi."

Ilikuwa nusu utani, lakini yeye hakucheka. Akauliza lile lililokuwa likimkaa kichwani siku zote.

"Itageuka saratani lini?"

"Haigeuki. Bawasiri haiwi saratani."

"Ya baba iligeuka."

"Baba alipimwa mwanzoni, kama nilivyokupima wewe?"

"Hapana. Tulijua ni bawasiri."

Daktari akaishika tena kalamu. "Basi huenda haikuwa bawasiri hata siku moja. Kwa macho, damu ni damu. Huwezi kujua inatoka kwa nini mpaka uangaliwe. Na kwa kuwa ni baba yako mzazi, wewe nitakupeleka ukachunguzwe utumbo wote kwa kamera, tusikisie."

Akanywa dawa ya kusafisha tumbo, akateseka usiku kucha, akachunguzwa. Utumbo ulikuwa safi. Msimamizi alipopata jibu, Domo akafungua mnyororo wa stuli huku akinung'unika kwamba kinga ni bora kuliko tiba.

Bwana Mizani hakumsikiliza. Kichwani alikuwa na baba yake amekaa juu ya mkeka waliomtandikia ili asiguse saruji, na wao wote wamemzunguka, na majani yanachemka, na hakuna hata mmoja aliyesema twende hospitali. Akampigia kaka yake simu kutoka kibandani, lori likiwa juu ya mizani.

"Kaka, nimepimwa. Ni bawasiri tu, wala haigeuki saratani. Lakini sikiliza, baba..."

"Mungu mkubwa!" Kaka alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. "Mdogo wangu, hujui ulivyoniponya. Mimi natoka damu tangu mwaka jana, na nimekonda, nilikuwa silali kwa hofu. Kumbe ni bawasiri tu."

"Hapana, kaka. Yangu ndiyo bawasiri. Yako haijaangaliwa."

"Si tumerithi? Yako ndiyo yangu. Ngoja nimwambie shemeji yako, leo atapika kwa furaha."

"Kaka, usikate. Kaka!"

Dereva akapiga honi. Simu ilikuwa imeshakatika, na alipopiga tena haikupokelewa.